Upinde wa Mvua wa Saa Sita Mchana

(Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya walimu wa sayansi wa sekondari na wanafunzi wachache walioongozana nao. Nimeiandika upya kutokana na karatasi zangu, na mwishoni nimeongeza maswali mawili yaliyoulizwa.)

Walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojificha safu ya nyuma mkidhani sijawaona, habari za asubuhi.

Naanza na dai. Hapa Tanga, mtu aliyesimama ufukweni, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, hataona upinde wa mvua angani. Mvua inyeshe huku jua linawaka, watu waseme simba anazaa, upinde hautatokea. Si leo tu, ni mwaka mzima. Ukiuona saa sita mchana, mimi ni mwongo.

Nimelitoa dai hili mapema kwa makusudi, kwa sababu nataka kuzungumzia jinsi watu walivyojifunza kuyabana madai kuhusu maumbile mpaka yaseme kweli au yakiri uongo. Kawaida hadithi hii husimuliwa hivi: zamani watu waliamini vitabu, kisha huko Ulaya, katika karne ya 16 na 17, wakatokea kina Galileo na Newton, wakaanza kufanya majaribio. Ni hadithi nyepesi, na mimi mwenyewe niliifundisha miaka mingi. Haifai. Majaribio yalikuwapo kabla yao, tena mazuri. Kilichobadilika ni kitu kingine, na nitajaribu kukionyesha kwa kufuata jambo moja tu, nalo ni mwanga unaopita ndani ya maji na kioo.

Twende kwanza Aleksandria, Misri, karne ya 2. Klaudio Ptolemeo, yule yule wa nyota, alitaka kujua mwanga unapinda kiasi gani unapotoka hewani na kuingia majini. Alitengeneza duara la shaba lililogawanywa kwa nyuzi, akalizamisha nusu yake majini, akapima. Alituachia jedwali. Pembe ya kuingilia ikiwa nyuzi 10, ndani ya maji ni 8. Ikiwa 20, ni 15 na nusu. Ikiwa 30, ni 22 na nusu. Ikiwa 40, ni 29. Anaendelea hivyo: 35, 40 na nusu, 45 na nusu, na mwishowe, kwa nyuzi 80, ni 50 kamili.

Ukiyatazama haraka unasema, mzee alipima vizuri. Ukiyapima leo kwa beseni na kioo utaona nyingi zimekaribia sana. Kwa nyuzi 60 amepatia kabisa. Lakini hebu toeni kila namba kutoka kwa inayofuata. Kutoka sifuri hadi 8 ni 8. Kutoka 8 hadi 15 na nusu ni 7 na nusu. Halafu 7. Halafu 6 na nusu. Halafu 6, 5 na nusu, 5, 4 na nusu. Kila hatua inapungua kwa nusu digrii, bila kukosea hata mara moja. Wangapi hapa wamesahihisha ripoti za maabara za kidato cha tatu? Basi mnaujua ugonjwa huu. Vipimo vya kweli havipangi foleni namna hiyo. Mtu alipima, akaona mwelekeo, akapata kanuni anayoipenda, kisha akazinyoosha namba zifuate kanuni. Na mahali anapoumbuka ni mwisho wa jedwali: kwa nyuzi 80 jibu sahihi ni kama 47 na nusu, yeye ana 50. Kanuni yake ilimfikisha huko, wala si macho yake.

Sisemi haya kumdhihaki. Kuna duara la shaba, kuna namba, kuna jedwali. Huyu hakuwa mtu wa kuamini vitabu tu. Kilichokosekana ni mtu wa pili mwenye duara lake, aliyetaka kumkamata.

Mtu mwenye moyo huo alikuja baadaye. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu mwaka 965, akafia Kairo karibu mwaka 1040. Kitabu chake kikuu kinaitwa Kitab al-Manadhir. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji mkalimani sana hapo, kwa kuwa mandhari yetu na manadhir yake ni mzizi mmoja, wa kutazama. Nadharia nayo imetoka kwenye mzizi huo huo. Na neno alilolitumia kwa kupima dai kwa kulitenda ni i'tibar. Sisi tunalo pia, itibari, ila kwetu limekuwa heshima na kuaminika: mtu mwenye itibari. Kwake yeye itibari haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya jambo lililopitishwa kwenye mtihani.

Ugomvi wa wakati wake ulikuwa huu: tunaonaje? Wafuasi wa Euklide na Ptolemeo walisema jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Wengine, wafuasi wa Aristotle, walisema kitu ndicho kinachotuma umbo lake kuja kwenye jicho. Kwa karne nyingi kila upande ulikuwa na hoja safi. Ibn al-Haytham hakuongeza hoja nyingine juu ya zile. Aliuliza kuhusu mwanga wenyewe kwanza: unasafirije, na miale miwili ikikutana inachanganyika au la?

Jaribio lake ninalolipenda kuliko yote mnaweza kulifanya kesho darasani kwa mishumaa mitatu. Chukua chumba chenye giza, toboa tundu dogo mlangoni. Nje panga taa kadhaa, kila moja mahali pake, zote zikilielekea tundu. Ndani, ukutani, utaona madoa ya mwanga, idadi sawa na taa. Sasa ziba taa moja. Doa moja linatoweka, lile lililo kwenye mstari mnyoofu kutoka taa hiyo kupita tunduni. Mengine hayajali. Izibue, doa linarudi mahali pale pale. Fanya hivyo kwa kila taa.

Tazameni kilichopatikana. Mwanga wa taa zote ulipita kwenye tundu moja, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Kama mianga ingechanganyika kama rangi za mchoraji, kuziba taa moja kungebadilisha madoa yote. Haikuwa hivyo. Na hakumwomba mtu amwamini. Alieleza chumba kiwe vipi, taa ziwekwe wapi, na kipi kizibwe kwanza. Mahali pengine kwenye kitabu anatoa maelekezo ya kutengeneza vyombo vya shaba pamoja na vipimo vyake, kama fundi anayemwandikia fundi mwenzake.

Kitabu hicho kilitafsiriwa Kilatini karibu mwaka 1200. Kilisomwa na wasomi wa Ulaya kina Roger Bacon na Witelo, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Mwaka 1604 Johannes Kepler alipochapisha kazi yake ya macho, jina la kitabu chenyewe lilisema kwamba ni nyongeza juu ya Witelo, na Witelo alikuwa amejilisha kwenye sahani ya Ibn al-Haytham. Hapa hakuna siri wala wizi. Kepler alijua anajenga juu ya nini, na aliona pia ufa uliokuwa pale: Ibn al-Haytham aliogopa picha iliyopinduka ndani ya jicho, kwa hiyo akasema jicho huhisi ile miale inayoingia wima tu. Kepler alikubali picha ipinduke, akaiweka kwenye retina, na kazi ya kuigeuza akawaachia wengine.

Lakini kuna kichekesho. Tafsiri ya Kilatini haikuwa na sura tatu za kwanza za kitabu cha kwanza. Na humo ndimo mzee alimoeleza namna anavyotaka kufanya kazi, kwa nini watu wameshindana, na vipi itibari itaingia kati yao, pamoja na majaribio yake ya kwanza ya mwanga kusafiri mstari mnyoofu. Kwa hiyo Ulaya ilipokea nyumba bila baraza. Wakayaona majaribio mengine mfululizo ndani ya kitabu, mtafsiri akitumia maneno ya Kilatini yanayomaanisha kujaribu, ila tangazo la mwanzo hawakulisoma. Ninawaambia hili kwa sababu kuazima elimu si kama kumwagia maji kutoka mtungi hadi mtungi. Mengine humwagika njiani.

Mengine nayo hayasafiri kabisa. Hapo naingia kwenye chupa yangu.

Wale mliowahi asubuhi mliniona uwanjani na hii chupa ya mviringo ya maabara, ya nusu lita, imejaa maji. Tulilipa jua kisogo. Kila mmoja aliitafuta chupa kwanza mbali na kivuli cha kichwa chake, kisha akaishusha polepole. Juu, hakuna kitu. Mara, karibu na ukingo wa chupa, kikawaka kipande chekundu kikali. Ukiishusha kidogo tu unapata manjano, kijani, bluu, kisha inakwisha. Tulipima kwa kipimapembe cha ubao na uzi. Mwekundu huo ulikuwa kwenye pembe ya nyuzi 42 hivi kutoka kwenye mstari unaotoka kichwani kwenda kwenye kivuli cha kichwa. Wa kwanza alipata 40, wa pili 44, nami nikawaambia msizinyooshe!

Chupa hii ni tone kubwa la mvua. Wazo hilo liliandikwa Uajemi na Kamal al-Din al-Farisi, aliyezaliwa mwaka 1267, mwanafunzi wa Qutb al-Din al-Shirazi, mjini Tabriz. Mwalimu wake ndiye aliyemwelekeza asome Kitab al-Manadhir, naye akaandika sharh, ufafanuzi wa kitabu kizima. Katika suala la upinde wa mvua, Ibn al-Haytham alikuwa amekosea: alifikiri wingu zima linaakisi mwanga kama kioo kilichobonyea. Al-Farisi alimheshimu kiasi cha kumrekebisha. Alichukua tufe la kioo, akalijaza maji, akaliweka kwenye chumba cha giza chenye tundu la kuingizia jua, yaani alitumia chumba cha Ibn al-Haytham dhidi ya jibu la Ibn al-Haytham. Akafuatilia mwale: unapinda unapoingia, unaakisiwa mara moja ukutani kwa nyuma, unapinda tena unapotoka. Huo ni upinde wa kwanza. Ukiakisiwa mara mbili ndani, unapata ule upinde wa pili wa nje, hafifu, wenye rangi zilizogeuka mpangilio.

Katika miaka hiyo hiyo, mwanzoni mwa karne ya 14, mtawa wa Kidominikani wa Ujerumani, Theodoriki wa Freiberg, naye alifanya kazi na matufe ya kioo na maji, akafikia njia ile ile ya mwale. Hawakuonana wala kuandikiana. Kilichowaunganisha ni kitabu cha Kairo, mmoja akikisoma kwa Kiarabu, mwingine akiwa na ile elimu kwa Kilatini. Sijui kama kuna ushahidi bora kuliko huo wa nguvu ya kitabu kinachofundisha namna ya kuuliza: mabwana wawili, pande mbili za dunia iliyojulikana, chupa moja.

Ila kazi ya al-Farisi haikutafsiriwa Kilatini. Descartes alipochapisha maelezo yake ya upinde wa mvua mwaka 1637, akiwa naye na tufe lake la maji, hakuwa na al-Farisi mezani. Tuwe waaminifu hapo. Mapenzi yetu kwa wazee wa Mashariki yasitufanye tuunganishe nyuzi ambazo hazikuunganishwa. Descartes alikuwa na kitu ambacho al-Farisi hakuwa nacho: kanuni sahihi ya kupinda kwa mwanga. Kanuni hiyo hiyo Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa ameichora kwa jometri karibu mwaka 984, ikasahaulika, ikavumbuliwa upya Ulaya na zaidi ya mtu mmoja. Kwa kanuni hiyo Descartes alikokotoa mwale mmoja mmoja, unaoingia katikati ya tone, unaoingia kando, unaoingia ukingoni. Akaona kwamba pembe ya kutoka inaongezeka, inaongezeka, kisha inafika kikomo karibu na nyuzi 42 na kurudi nyuma. Karibu na kikomo miale inasongamana, kama watu mlangoni. Ndiyo maana panang'aa pale na si kwingine. Kwa upinde wa pili msongamano uko kwenye nyuzi 51 hivi.

Sasa mnaona dai langu la saa sita mchana limetoka wapi. Upinde ninaousema, ule wa kwanza, ni duara la nyuzi 42 kuzunguka kivuli cha kichwa chako. Jua likiwa juu kuliko nyuzi 42, duara lote limezama chini ya upeo wa macho. Tanga jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 61, hata mwezi wa Juni. Inabidi usubiri lishuke. Nilikokotoa kwa miezi yote, na saa nilizowapa ndizo zinazobaki salama. Dai limebeba namba, na namba inaweza kuumbuka.

Lakini rangi zenyewe? Kwa nini ziwepo? Al-Farisi alisema ni mwanga na giza vinavyochanganyika kwa viwango tofauti. Descartes alisema ni vipira vidogo vinavyozunguka kwa kasi tofauti. Wote waliafikiana kwamba mwanga mweupe ni safi, na kioo au maji ndiyo yanayouchafua. Hapo ndipo tunapofika Cambridge.

Isaac Newton alikuwa na umri wa miaka 29 alipoiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London, chama cha wanasayansi, Februari 1672. Barua ilichapishwa kwenye jarida lao mwezi huo huo. Alieleza hivi: nilifunga chumba changu, nikatoboa tundu la robo inchi kwenye ubao wa dirisha, nikaweka mche wa kioo, hii prizimu ya kawaida, mwanga ukaenda ukutani umbali wa futi 22. Rangi zilimfurahisha. Kisha akashangaa umbo.

Twende naye polepole, kwa sababu mabadiliko yote yamo katika mshangao huo. Jua angani lina upana wa kama nusu digrii. Kwa umbali wa futi 22, nusu digrii ni kama inchi 2 na theluthi. Ongeza robo inchi ya tundu, unapata takriban inchi 2 na nusu na kitu. Newton alipima upana wa mkanda: inchi 2 na sehemu 5 za nane. Sawa kabisa. Sasa, alikuwa ameuweka mche katika mkao ambao mwale unaingia na kutoka kwa pembe sawa. Kwa mkao huo, kanuni ya kupinda inasema picha ya jua ibaki duara. Urefu basi ulipaswa kuwa sawa na upana. Alipima urefu: inchi 13 na robo. Mara tano.

Watu walikuwa wakitazama rangi za mche miaka mingi kabla yake. Wengi waliweka karatasi karibu sana na kioo, hapo rangi zinaonekana lakini umbo halijanyooka bado. Newton alikuwa na ukuta wa mbali na alikuwa na namba ya kutarajia. Bila ile namba, mkanda mrefu ni pambo. Ukiwa nayo, inchi 13 ni mashtaka.

Akawafukuza washukiwa mmoja mmoja. Labda ni unene wa kioo? Akapitisha mwanga sehemu nyembamba na nene, hakuna tofauti. Labda kioo kina dosari? Akaweka mche wa pili kinyume chake, rangi zikarudi kuwa duara jeupe, na dosari haziwezi kujifuta zenyewe. Mwishowe akaweka ubao wenye tundu dogo nyuma ya mche wa kwanza, na ubao wa pili wenye tundu futi 12 mbele, na nyuma yake mche wa pili uliotulia. Kwa kuuzungusha mche wa kwanza taratibu alichagua rangi gani ifike kwenye mche wa pili. Bluu ilipinda zaidi. Nyekundu ilipinda kidogo. Mche wa pili haukuzaa rangi mpya. Akahitimisha: mwanga mweupe ni mchanganyiko, na mche hauuchafui, unauchambua.

Kwa ufundi wa jaribio, hapa hakuna kitu ambacho Ibn al-Haytham angekishangaa. Chumba cha giza ni chake. Tundu ni lake. Kuziba kimoja ili kuona kipi kinabaki ni kwake. Lakini tazameni kilichotokea baada ya barua, maana hapo ndipo palipokuwa papya.

Watu walibisha, kwa maandishi, ndani ya jarida lile lile, kwa miaka. Robert Hooke, aliyekuwa msimamizi wa majaribio wa Jumuiya yenyewe, alikubali majaribio na kukataa hitimisho. Padre Mjesuti Pardies wa Paris aliuliza maswali, akajibiwa, akaridhika. Kisha wakaja Wajesuti wa Kiingereza waliokuwa Liège. Wa kwanza, Francis Line, alisema hapati huo mkanda. Newton akahisi mzee amefanya siku ya mawingu. Mwaka 1676 Jumuiya ililirudia jaribio mbele ya wanachama, likakubali. Lakini mwaka huo huo mrithi wa Line, Anthony Lucas, aliandika kwa adabu kwamba amefanya kila kitu alivyoelekezwa, mkanda anauona, ila urefu wake ni mara tatu au tatu na nusu ya upana. Siyo tano.

Newton alikasirika. Alimtaka Lucas apime upya, na baada ya muda akakata mawasiliano. Na hapa, samahani mashabiki wake, Lucas ndiye aliyekuwa ameshika kitu. Vioo havifanani. Kuna kioo kinachotawanya rangi sana na kioo kinachotawanya kidogo, ingawa vyote vinapinda mwanga karibu sawa. Hilo peke yake linatosha kuleta tofauti ya tatu na tano. Newton hakutaka kulisikia, akaamini mtawanyiko unafuata kupinda siku zote, na kwa hiyo akasema darubini ya lenzi haiwezi kuondolewa rangi za ukingoni. Karne iliyofuata mafundi wa London waliunganisha aina mbili za kioo wakaziondoa. John Dollond alipata hataza yake mwaka 1758.

Ugomvi wa pili una faida zaidi kwa mwalimu. Mwaka 1681 Mfaransa Edme Mariotte alirudia jaribio la mche wa pili. Alichagua zambarau, akaipitisha, na akaona pembeni yake kuna wekundu na manjano. Rangi mpya! Basi Newton ameanguka? Subirini. Kila rangi ukutani si mstari, ni duara lenye upana wa picha ya jua, na maduara hayo yanapandana kama sahani zilizopangwa vibaya. Ukikata kipande cha zambarau, umekata na majirani. Swali ni hili: unajuaje kama mche wa pili umezaa rangi, au wewe ndiye uliyeingiza rangi chafu? Njia ni kuboresha utenganisho na kutazama uchafu unakwenda wapi. Punguza tundu, weka lenzi ili picha iwe nyembamba, sogeza ukuta. Ikiwa mche unazaa rangi, zitabaki pale pale. Ikiwa ni uchafu, zitapungua kila unapoboresha. Newton alieleza njia ya lenzi katika kitabu chake cha mwaka 1704, na karibu mwaka 1714 John Desaguliers akaifanya London, baadaye mbele ya wageni kutoka nje, kwa mche mzuri na mpangilio makini. Uchafu ulipungua. Miaka zaidi ya 40 baada ya barua.

Kwa hiyo nikiulizwa mapinduzi ya sayansi yalibadili nini hasa, simtaji mtu aliyeanza kujaribu. Ptolemeo alijaribu. Ibn al-Haytham alijaribu kwa unyoofu ambao ungemwaibisha Newton siku ile alipomkatia Lucas mawasiliano. Kilichobadilika ni nani anayepaswa kuridhika. Jedwali la Ptolemeo lilimridhisha Ptolemeo. Kwa kina Newton kulikuwa na jarida linalofika Paris na Liège, vipimo vilivyochapishwa kwa inchi, na watu wasiokupenda wenye vioo vyao wenyewe. Dai lilipaswa kusimama mikononi mwa adui. Tena si kwa sababu ya ubora wa tabia zao. Tumeshaona tabia zao.

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana wa safu ya nyuma: je, nikimwagilia bustani kwa bomba saa sita? Nikamwambia hongera, umenikamata nusu. Nilisema angani. Duara limezama chini ya upeo, halijafutika. Ukisimama mahali pa juu na matone yakawa chini yako, au ukarusha maji ya bomba karibu na miguu, utaliona hata adhuhuri, chini, likizunguka kivuli chako.

La pili lilikuwa la mwalimu mmoja mama, na alisimama kabisa. Alisema yeye aliuona, mchana kweupe, saa sita na nusu, mduara wa rangi angani, na watu wa mtaa mzima walitoka nje. Nikamuuliza, mama, jua lilikuwa nyuma yako au mbele?

Alifikiri. "Lilikuwa katikati," akasema. "Mduara ulikuwa umelizunguka."

Huo, nikamwambia, una nyuzi 22, si 42, na wala si kazi ya mvua. Ni chembe za barafu kwenye mawingu ya juu sana. Akaniuliza nyuzi 22 ninazijuaje. Nikampa kipimapembe.